Kuondoa Vizio na Kusahihisha kwa Hatua: Mlinganyo wa Behewa la Tenke

1.0 Utangulizi

Tenke, katika mkoa wa Lualaba, ni njia panda ya reli. Reli itokayo Lubumbashi kupitia Likasi hugawanyika hapo mara mbili: tawi moja hupanda kaskazini kuelekea Kamina na kuendelea hadi Ilebo, na tawi la pili hushika magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo, mpakani mwa Angola, ambako huungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Reli hiyo ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931; vita vya Angola viliukata usafirishaji wa shaba kwa njia hiyo kuanzia mwaka 1975. Pamoja na mabadiliko hayo yote Tenke imebaki kuwa mahali pa kukata na kuunga mabehewa.

Mahali pa namna hiyo huzaa swali jepesi kulitamka. Behewa lililopakiwa madini limeachiwa likiwa katika mwendo. Halivutwi na kichwa cha treni, wala breki zake hazikufungwa. Je, litasimama baada ya muda gani, na litakuwa limekwenda umbali gani? Swali hili si la darasani tu. Tarehe 10 Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke iliacha reli huko Buyofwe, na makumi ya watu waliokuwa wamepanda juu ya mabehewa walipoteza maisha. Makala hii haikusudii kueleza chanzo cha ajali hiyo. Inaitaja kwa sababu anayekadiria mwendo wa behewa anapaswa kujua si jibu lake tu, bali pia ni wapi jibu hilo linaacha kuaminika.

Kusudi la makala ni kuonyesha kazi mbili zinazofuatana. Kazi ya kwanza ni kuondoa vizio, yaani kuuandika mlinganyo upya ili usiwe tena na mita, sekunde wala kilo ndani yake. Kazi ya pili ni kutafuta jibu kwa hatua: kwanza jibu la tatizo lililorahisishwa, kisha sahihisho lake la kwanza. Wanafunzi wa Kongo hufundishwa mambo haya kwa Kifaransa, na wale wa Tanzania na Kenya kwa Kiingereza. Hapa yanaelezwa kwa maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo, na kila neno lisilozoeleka litafafanuliwa mahali linapotokea.

2.0 Mlinganyo wenyewe

Mwaka 1926 mhandisi Mmarekani W. J. Davis alitoa kanuni ya ukinzani wa treni ambayo imeendelea kutumika kwa sura mbalimbali. Kanuni hiyo ina sehemu tatu: sehemu isiyotegemea mwendo, sehemu inayokua sawia na mwendo, na sehemu inayokua sawia na kipeo cha pili cha mwendo. Sehemu ya kwanza hutokana hasa na msuguano wa magurudumu na ekseli. Sehemu ya mwisho hutokana na hewa. Hapa sehemu ya kati itaachwa. Haiachwi kwa kuwa si kitu, bali kwa kuwa bila hiyo mlinganyo una jibu kamili, na jibu hilo litatusaidia kuyapima makadirio.

Tuseme v ni mwendo wa behewa na t ni muda. Kwenye reli tambarare mlinganyo ni huu:

dv/dt = −a − c v²,  v = V wakati t = 0

Alama dv/dt humaanisha kiasi ambacho mwendo hubadilika kwa kila sekunde. Herufi a ni upungufu wa mwendo uletwao na msuguano, na kizio chake ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Herufi c ni kizigeu cha ukinzani wa hewa kilichogawanywa kwa tungamo la behewa, na kizio chake ni moja kwa mita. V ni mwendo wa kuanzia.

Kwa mfano wetu tuchukue behewa la tani 60 pamoja na mzigo wake. Kwa behewa kama hilo si vibaya kukadiria a kuwa 0.02 kwa vizio vilivyotajwa, yaani msuguano wa nyutoni 1,200 hivi. Uwanda wa Tenke uko juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi: kilo 1.0 kwa kila mita ya ujazo, wakati pwani ni karibu 1.2. Eneo la behewa linalokabili hewa, likizidishwa na kizigeu cha umbo lake, likadiriwe kuwa mita za mraba 3. Basi nusu ya 1.0 mara 3, ikigawanywa kwa kilo 60,000, hutoa c = 0.000025. Mwendo wa kuanzia uwe mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa.

3.0 Kuondoa vizio

Mtu akiulizwa kama c ni ndogo, huenda akajibu upesi kwamba 0.000025 ni ndogo sana. Jibu hilo si sahihi wala si kosa, halina maana. Kama umbali ungepimwa kwa kilomita badala ya mita, c ileile ingekuwa 0.025, na hakuna kitu chochote relini kingekuwa kimebadilika. Idadi yenye kizio haiwezi kuitwa ndogo mpaka ilinganishwe na kitu kingine chenye kizio hichohicho. Hii ndiyo sababu ya kuondoa vizio kabla ya kufanya makadirio yoyote.

Hatua ya kwanza ni kuchagua vipimo vinavyotokana na tatizo lenyewe. Mwendo utapimwa kwa V, kwa kuwa behewa huanza na mwendo huo na halizidi hapo. Muda utapimwa kwa V/a, ambao ndio muda ambao msuguano peke yake ungelisimamisha behewa. Kwa mfano wetu muda huo ni 10 ikigawanywa kwa 0.02, yaani sekunde 500. Tuandike basi:

u = v / V,  τ = a t / V

Sasa u na τ ni idadi tupu. Tukiweka v = V u na t = V τ / a ndani ya mlinganyo, upande wa kushoto huwa a (du/dτ), na upande wa kulia huwa −a − c V² u². Pande zote mbili zikigawanywa kwa a, hubaki:

du/dτ = −1 − ε u²,  u = 1 wakati τ = 0

ambapo

ε = c V² / a

Idadi tatu tulizoanza nazo, a, c na V, zimekuwa moja. Hili lilitarajiwa, kwa sababu zote tatu zimejengwa kwa vizio viwili tu, mita na sekunde, na tatu ukitoa mbili ni moja. Epsiloni hiyo ina maana iliyo wazi: ni ukinzani wa hewa mwanzoni mwa safari ukigawanywa kwa msuguano. Kwa mfano wetu hewa hukinza kwa nyutoni 150 na msuguano kwa nyutoni 1,200, na hivyo ε = 0.125. Sasa twaweza kusema kwa haki kwamba hewa ni jambo dogo: ni sehemu moja kwa nane ya msuguano, na itazidi kupungua kadiri behewa linavyopunguza mwendo.

Uchaguzi wa kipimo cha muda unahitaji uangalifu. Kama muda ungepimwa kwa 1/(cV), ambao ni muda wa hewa na si wa msuguano, mlinganyo ungetoka hivi: du/ds = −1/ε − u². Si kosa la hesabu, lakini hapo kigezo kidogo kimekaa chini ya mstari wa kugawanya, na kukifanya sifuri ni kuuvunja mlinganyo. Alama hiyo humwonya msomaji kwamba amepima kwa kitu kisichotawala. Kanuni ya kufuata ni kuchagua vipimo ili maneno ya mlinganyo yenye nguvu zaidi yawe na kizigeu kinachokaribia moja, na neno dhaifu libaki na ε mbele yake.

4.0 Jibu kwa hatua

Kwa kuwa ε ni ndogo, jibu lifikiriwe kuwa na sehemu kuu, sahihisho la kiasi cha ε, na mabaki ya kiasi cha ε²:

u = u₀ + ε u₁ + …

Weka usemi huu ndani ya mlinganyo. Kipeo cha pili cha u ni u₀² + 2ε u₀u₁ na kuendelea. Lakini kwa kuwa mbele yake tayari kuna ε, ni u₀² tu inayohitajika kwa hatua ya kwanza. Sasa kusanya maneno yasiyo na ε mahali pamoja, na yenye ε mara moja mahali pengine. Kwa kuwa mlinganyo lazima utimie kwa kila ε ndogo, na si kwa moja tu, kila kundi lazima litimie peke yake:

du₀/dτ = −1,  u₀(0) = 1
du₁/dτ = −u₀²,  u₁(0) = 0

Sharti la mwanzo nalo limegawanywa. Mwendo wa kuanzia ni 1 kamili, kwa hiyo u₀ huubeba wote na u₁ huanza na sifuri. Wanafunzi wengi huteleza hapa kwa kumpa kila mmoja thamani ya 1, na jibu lao huanza na mwendo wa 1 + ε, ambao behewa halikuwa nao.

Mlinganyo wa kwanza hutoa u₀ = 1 − τ: behewa hupungua mwendo kwa mstari ulionyooka na kusimama τ ikifika 1. Ukiweka jibu hilo ndani ya mlinganyo wa pili, du₁/dτ = −(1 − τ)², na hivyo:

u₁ = −[1 − (1 − τ)³] / 3

Mlinganyo wa asili ulikuwa mgumu kwa sababu mwendo ulikuwa umezidishwa kwa nafsi yake. Milinganyo hii miwili haina ugumu huo. Katika wa pili, hewa huhesabiwa kana kwamba behewa linafuata mwendo wa u₀ ambao tayari unajulikana.

5.0 Muda na umbali wa kusimama

Mahali pa kusimama ndipo panapohitaji fikira. Muda wa kusimama haujulikani kabla, nao hubadilika kidogo kwa sababu ya hewa. Kwa hiyo uandikwe kwa hatua vilevile: τ wakati wa kusimama ni 1 + ε τ₁. Katika muda huo u lazima iwe sifuri. Sehemu kuu, u₀, hutoa −ε τ₁. Sahihisho, likichukuliwa τ ikiwa 1, hutoa −ε/3. Jumla yake ikiwa sifuri, τ₁ = −1/3. Basi:

muda wa kusimama = (V/a)(1 − ε/3)

Umbali hupatikana kwa kuujumlisha mwendo tangu mwanzo hadi kusimama. Kipimo chake ni V²/a, ambacho kwa mfano wetu ni mita 5,000. Sehemu kuu hutoa nusu. Sahihisho hutoa −1/4. Ule muda wa kusimama uliobadilika hauongezi kitu katika hatua hii, kwa kuwa mwendo karibu na mwisho ni mdogo kiasi cha ε, na mdogo mara mdogo ni ε². Kwa hiyo:

umbali = (V²/a)(1/2 − ε/4)

Kwa idadi zetu, bila hewa behewa lingesimama baada ya sekunde 500 na mita 2,500. Kwa sahihisho la kwanza ni sekunde 479 na mita 2,344. Jibu kamili la mlinganyo linajulikana: muda ni tao la tanjenti la √ε likigawanywa kwa √ε, na umbali ni logi asilia ya (1 + ε) ikigawanywa kwa 2ε, kila kimoja kikizidishwa kwa kipimo chake. Hesabu hiyo hutoa sekunde 480.6 na mita 2,356. Kosa la umbali limeshuka kutoka mita 144 hadi mita 12. Masalia hayo nayo si ya kubahatisha: neno linalofuata katika umbali ni ε²/6, ambalo hapa ni mita 13.

Mara nyingi jibu kamili halipo. Hapo kipimo cha haki ni kulirudisha jibu la makadirio ndani ya mlinganyo na kuangalia kinachobaki. Kwa mlinganyo huu hubaki 2ε²u₀u₁ + ε³u₁². Maneno yasiyo na ε na yenye ε mara moja yamefutana yote. Kama lingebaki hata neno moja lenye ε peke yake, ingejulikana papo hapo kwamba kuna kosa katika u₁.

6.0 Mipaka ya njia hii

Udogo wa ε si tabia ya hewa ya Tenke, ni matokeo ya mlinganisho. Behewa lilelile likiwa tupu, lenye tani 20, na a ikidhaniwa kubaki ileile, lina ε ya 0.375. Makadirio hutoa mita 2,031, na jibu kamili ni mita 2,123. Kosa limekua hadi mita 92, na makadirio yanasema behewa litasimama mapema kuliko ukweli. Huo ni upande wa hatari. Kanuni ileile ikitumiwa kwa behewa lililopakiwa lenye mwendo wa mita 28 hivi kwa sekunde, hewa na msuguano huwa sawa, ε hufika 1, na hapo kuongeza masahihisho zaidi hakusaidii tena, kwa kuwa mfululizo wa logi hauna mkusanyo ε ikizidi 1.

Lakini hatari kubwa zaidi haitoki kwenye mwendo, hutoka kwenye mteremko. Reli ikiteremka kwa mita 1 katika kila mita 1,000, uzito wa behewa hulisukuma mbele kwa 0.0098, na a hupungua kutoka 0.02 hadi 0.0102. Epsiloni huwa 0.245, makadirio ni mita 4,301 na jibu kamili ni mita 4,384. Njia bado yafaa. Mteremko ukiwa wa mita 2 katika kila 1,000, ambao jicho la mpita njia haliwezi kuutambua, a hubaki 0.0004 tu. Hapo ε ni 6.25, na kanuni ya umbali hutoa nusu ukitoa 1.56, yaani umbali hasi. Jibu la namna hiyo hujitangaza lenyewe kuwa si jibu. Mlinganyo kamili unasema behewa litakwenda karibu kilomita 40.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kuigeuza kazi: kwa kuwa sasa hewa ndiyo inayotawala, muda upimwe kwa 1/(cV), na kigezo kidogo kiwe δ = a/(cV²), ambacho ni 0.16. Mlinganyo huwa du/ds = −δ − u², na sehemu kuu ni u₀ = 1/(1 + s). Mwanzoni mwa safari jibu hili ni zuri. Lakini 1/(1 + s) haifiki sifuri kamwe; kwa jibu hilo behewa halisimami. Sahihisho lake hukua kadiri muda unavyopita, hadi likawa kubwa sawa na sehemu kuu yenyewe pale s inapokaribia 1/√δ. Sababu inaonekana: hewa hutawala behewa likiwa na kasi, bali likikaribia kusimama msuguano uliobaki ndio hutawala, hata uwe mdogo namna gani. Kwa hiyo kigezo chaweza kuwa kidogo na njia bado ikashindwa, ikiwa neno lililoitwa dogo linakuja kutawala mahali fulani pa safari. Katika tatizo la reli tambarare halikuwako jambo hilo: hewa ilikuwa dhaifu mwanzoni na ikazidi kudhoofika hadi mwisho.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuondoa vizio kumeugeuza mlinganyo wenye idadi tatu kuwa wenye kigezo kimoja, na kwamba kigezo hicho ndicho kilichoruhusu neno «dogo» litumike kwa maana. Sahihisho la kwanza limepatikana kwa kutatua milinganyo miwili myepesi, na kosa lake limepimwa kwa njia mbili: kwa jibu kamili na kwa mabaki ya mlinganyo. Mwisho imeonekana kwamba tofauti ya mita moja ya mteremko katika kila mita elfu yatosha kuitoa kanuni katika kutumika na kuitia katika kupotosha. Anayetaka kuitumia kwa reli halisi, iwe ya Tenke au ya kwingineko, aanze kwa kupima mteremko kabla ya kitu kingine chochote, kisha akokotoe ε upya kwa kila kipande cha njia.